Apu ya simu inaingia freshi, ila Chrome ya kompyuta inakurudisha kwenye paswodi: fanya hivi

Juzi nilikuwa namsaidia dada mmoja, portal ya kazini kwenye simu anaingia bila shida, kwenye laptop akiweka paswodi ukurasa unapepesa halafu unamrudisha palepale, vibox vitupu, hakuna hata neno jekundu.

Hiyo ndo dalili yenyewe. Paswodi ikiwa mbovu kwa kawaida utaambiwa. Ukirudishwa kimyakimya mara nyingi maana yake seva imeikubali ila brauza haikutunza kuki, kwa hiyo ukurasa unaofuata haukujui. Apu haiguswi na hilo kwa sababu inatunza kitambulisho chake yenyewe, nje ya brauza. Kwa hiyo tafadhali usibadilishe paswodi, portal nyingi zitakutoa na kwenye simu pia.

1. Futa kuki za saiti hiyo tu. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, kisha `Cookies and site data`, kisha `Manage on-device site data`, futa, fungua upya. Usifute za brauza nzima, utatolewa kila mahali bure.

2. Bado? Tengeneza profaili mpya. Hapa ndo watu wanapotea, kwa sababu kila mtu anakwambia jaribu `Incognito`. Shida ya Incognito inabadilisha vitu viwili kwa pamoja: inazima ekstensheni (isipokuwa zile ulizoziruhusu mwenyewe), na pia kwa kawaida inazuia kuki za saiti nyingine, zile ambazo portal inazihitaji kama fomu yake ya kuingia inatoka anwani tofauti. Kwa hiyo ikikataa kule hujajua kitu, inawezekana ekstensheni ndo mchawi na bado ikakataa kwa sababu ya hizo kuki. Mimi natumia profaili mpya siku zote: bonyeza picha yako juu kulia, `Add Chrome profile`, usiingize akaunti ya Google maana ukisinki ekstensheni zako zitakufuata hadi huko. Jaribu kuingia. Ikikubali, tatizo liko kwenye profaili yako ya zamani. Ikikataa, jaribu Firefox, na huko nako ikigoma waone watu wa IT, si kuki zako.

3. Kama profaili mpya ilikubali, rudi ya zamani, fungua `chrome://extensions`, zima zote, jaribu. Ikikubali washa nusu, jaribu tena, endelea kugawa hadi umpate. Kwa yule dada ilikuwa ekstensheni ya kufuta kuki zenyewe, inafuta kabla ukurasa wa pili haujafunguka. Tuliitoa kabisa, sioni faida yake. Ikiwa ni ya kuzuia matangazo usiitoe, izime kwenye saiti hiyo tu.

4. Umezima zote na bado inagoma? Nenda `chrome://settings/cookies`, iongeze portal kwenye saiti zinazoruhusiwa kutumia zile kuki za saiti nyingine (`third-party cookies`), halafu fungua upya.