Jinsi ya kuandika barua ya kupunguza mfanyakazi ili aielewe bila wakili

Barua nyingi za kupunguza wafanyakazi zinafanana. Zinaanza na "kutokana na hali ya kiuchumi na mabadiliko ya kiutendaji", zinataja tarehe ya mwisho wa kazi, kisha chini kuna fungu moja la fedha ambalo hakuna anayejua limepatikanaje. Mfanyakazi anaisoma mara tatu na bado anauliza: kwa nini mimi? Barua nzuri humjibu hilo, ikamweleza anaondoka lini na hela yake imehesabiwaje.

Nitatumia sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mfano wa kubuni. Kuna karakana ya kushona sare jijini Mwanza. Imenunua mashine ya kukatia vitambaa inayoongozwa na kompyuta, na wakataji watano sasa hawahitajiki wote, wanatosha wawili. Anayeandikiwa barua tumwite Neema. Alianza kazi tarehe 3 Machi 2018, mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000 kwa mwezi, ana posho ya nyumba ya 80,000, na anafanya kazi siku sita kwa wiki.

Kabla ya kushika kalamu, hakikisha mashauriano yamefanyika. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza mara tu wazo linapoanza, atoe taarifa zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, na pia na wale wasiowakilishwa na chama. Mazungumzo ni juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuchagua, muda wa kutekeleza na kiinua mgongo. Msipokubaliana, suala linakwenda kwenye usuluhishi. Barua ya Neema ikiwa na tarehe inayotangulia kikao cha kwanza, hata ingeandikwa vizuri namna gani, imeshajishtaki yenyewe: uamuzi ulikwisha, kikao kilikuwa maigizo.

Sasa sababu. Iandike kama unavyomweleza jirani: "Mwezi Julai 2024 karakana ilifunga mashine mpya ya kukatia. Kazi iliyokuwa ikifanywa na wakataji watano sasa inafanywa na wawili. Katika vikao vya tarehe 5 na 14 Agosti tulijadili kupunguza saa za kazi na kuwahamishia wakataji kwenye ushonaji. Ushonaji hauna nafasi kwa sasa, na saa zilizopunguzwa zisingetosha kulipa mishahara mitano." Sentensi hizo zinaweza kuhakikiwa, na hilo ndilo la maana. "Hali ya kiuchumi" haihakikiki.

Ugumu wenyewe uko kwenye kigezo cha uchaguzi, maana hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Tuseme mlikubaliana kwamba aliyeingia mwisho aondoke kwanza, isipokuwa mwenye ujuzi ambao kazi iliyobaki haiwezi kwenda bila huo. Wakataji waliingia 2013, 2018, 2019, 2020 na 2021. Wanaobaki ni wa 2013 na wa 2020, kwa sababu huyu wa 2020 ndiye aliyefundishwa mashine mpya. Neema wa 2018 anaondoka, na amemtangulia kazini aliyebaki. Usilifiche hilo ukitumaini hataligundua. Kesho asubuhi atakuwa analijua. Liandike: "Umemzidi muda wa kazi mwenzako aliyebaki, lakini yeye ana mafunzo ya kuendesha mashine." Halafu ujiulize swali atakalouliza Neema: nani alichagua wa kwenda kwenye mafunzo, na mimi niliulizwa? Ikiwa nafasi ilitangazwa kwa wote watano, sema na utaje tarehe. Ikiwa msimamizi alimteua mtu wake kimyakimya, tatizo liko kwenye uteuzi huo na kalamu haitalitibu. Rudi mezani kabla ya kutoa barua.

Kuna vigezo ambavyo havifai kabisa, kama ujauzito au uanachama wa chama cha wafanyakazi. Hata usipoviandika, kigezo cha juu juu kama "mwenendo" kikiwaangukia wanachama watupu, kila mtu ataona.

Notisi ni rahisi zaidi. Kwa anayelipwa kwa mwezi na aliyekwisha kupita mwezi wa kwanza wa ajira, kifungu cha 41 kinataka zisipungue siku 28, labda mkataba wenu uwe unatoa zaidi. Iwe ya maandishi, iseme sababu na tarehe iliyotolewa. Neema akipewa barua tarehe 2 Septemba 2024, siku ya kwanza ni tarehe 3 na ya 28 ni tarehe 30. Andika tarehe zote mbili, asilazimike kuhesabu kwa vidole. Haruhusiwi kupewa notisi akiwa likizoni, wala siku za notisi hazihesabiwi sambamba na za likizo. Ukitaka aondoke leo, unaweza kumlipa kile ambacho angepata katika siku hizo badala ya kumwacha afanye kazi.

Kiinua mgongo hulipwa kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, miaka isizidi kumi. Hicho ni kiwango cha chini; mnaweza kukubaliana zaidi. Asiyestahili ni, kwa mfano, aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa.

Kosa la kila siku ni kugawa mshahara wa mwezi kwa 30. Jedwali la Kwanza la sheria linasema ugawe kwa 4.333 mara siku za kazi kwa wiki. Kwa Neema, 4.333 × 6 ni takriban 26. Basi 520,000 ÷ 26 ni 20,000 kwa siku, siku saba ni 140,000, na miaka yake kamili kuanzia Machi 2018 hadi Septemba 2024 ni sita (miezi inayozidi haihesabiwi). Mhasibu akihesabu 2018 na 2024 zote mbili kama miaka kamili, atapata saba kimakosa. Jibu sahihi ni 140,000 × 6 = 840,000. Kwa kugawa kwa 30, Neema angepata karibu 728,000, yaani amepunjwa kama 112,000. Posho ya nyumba haimo, maana kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi.

Hesabu hii iweke ndani ya barua, mstari kwa mstari, siyo jumla peke yake. Chini yake tenganisha mshahara wa Septemba, likizo ambayo hajaichukua, na kiinua mgongo. Neema aliajiriwa Mwanza hapo hapo. Angekuwa ametolewa Bukoba, ungeongeza gharama za kumrudisha na mizigo yake, na posho ya kujikimu hadi siku ya kusafirishwa. Ambatisha pia hati ya utumishi.

Mahali pa kusaini paandikwe "nimepokea barua hii" na tarehe. Usiandike "nimeridhika na sina madai"; mtu aliyekabidhiwa karatasi dakika tano zilizopita hawezi kuwa ameridhika. Na mweleze kwamba asipokubali uhalali wa kuachishwa anaweza kujaza fomu CMA F.1 na kuifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Kwa Neema siku ya mwisho ni tarehe 30 Oktoba 2024, nayo iandikwe.