"Mambo" Yako Haijibiwi: Namna ya Kuandika Meseji ya Kwanza kwenye Tinder na Wenzake

Watu walio kwenye programu za kutafuta wapenzi huniletea simu zao niwapitishie meseji kabla hawajatuma, na karibu wote wana lalamiko moja: tumemechi, nimemsalimia, kimya. Wengi wao huamini mwenzao anaringa. Nikifungua mazungumzo nakuta "Mambo". Chini yake, siku mbili baadaye, "Mbona kimya?"

Salamu haina kosa. Mtaani ukimwambia mtu "mambo", akijibu "poa" tayari kuna la kuongea, kwa sababu mko sehemu moja: foleni ya mwendokasi, harusi ya binamu, duka la Mangi. Kwenye programu hamko popote. Akishajibu "poa" ni zamu yake tena kutafuta la kusema, na hajui lolote kukuhusu. Isitoshe, kwenye orodha ya meseji anaona picha yako ndogo na mwanzo wa ulichoandika. Kama kuna "Mambo" nyingine kadhaa hapo, yako haina cha kumfanya aifungue.

Hatua ya 1: Fungua profaili yote

Pitia kila picha mpaka ya mwisho, kisha soma maelezo. Picha ya kwanza iache, kila mtu anaanzia hapo. Tafuta kitu alichochagua mwenyewe kukionyesha: mahali, chakula, jezi, kitabu mezani. Umbo na sura si vitu vya kuanzia. "Mrembo" ameshaambiwa na wengi, na akijibu "asante" mmerudi palepale kwenye "poa".

Hatua ya 2: Chukua kimoja, weka na lako

Hapa ndipo wengi huharibu. Tuchukue mfano niliotunga. Dada ana picha nne. Ya tatu amesimama juu ya mwamba, nyuma yake bonde kubwa, na ameandika "Lushoto". Maelezo yake ni mafupi: "Safari, chai ya tangawizi, sipendi drama."

Jaribio la kwanza: "Mambo, naona unapenda safari. Na mimi pia." Hakuna swali, na nani hapendi safari?

La pili: "Ulienda Lushoto lini? Na nani? Mlifikia hoteli gani?" Haya ni mahojiano ya polisi. Hilo la "na nani" ni wivu kabla ya uchumba.

La tatu: "Mambo! Hiyo picha ya tatu ni Irente, au nimekosea? Mimi nilifika pale ukungu umefunika kila kitu, Mazinde sikuiona hata kidogo. Wewe ulibahatika kuona chini?"

Angalia lilivyojengwa. Salamu ipo, kwa sababu kuingia moja kwa moja bila salamu kwetu ni utovu wa adabu, lakini imefuatwa palepale na jambo lenyewe. Umekisia mahali, na watu hupenda kusahihisha kisio kuliko kujibu fomu. Umetoa kipande chako kidogo, kwa hiyo naye ana cha kukuuliza. Swali ni moja na linajibika akiwa kwenye daladala. Kama hujawahi kufika Lushoto usidanganye. Sema unapanga kwenda, uliza kama baridi ya huko ni ya sweta au ya koti.

Hatua ya 3: Ipime kabla ya kutuma

Jiulize kama meseji hiyohiyo ungeweza kuituma kwa mtu mwingine bila kubadili neno. Kama ndiyo, ifute. Kisha ipunguze: ikizidi sentensi tatu au nne, inaanza kufanana na barua ya maombi ya kazi. Namba ya WhatsApp usiiombe hapa. Watu wameshatapeliwa vya kutosha, na anayekimbilia kuhama programu huonekana tapeli hata kama siye.

Hatua ya 4: Tuma, uondoke

Alama ya kuuliza peke yake, "hello??" na "unaringa" hufuta kila ulichojenga. Zikipita siku kadhaa, ongeza meseji moja yenye jambo jipya, kisha basi.

Profaili ikiwa tupu, yaani picha moja bila maneno, mpe chaguo jepesi: "Mambo! Jumapili asubuhi: supu na chapati, au usingizi mpaka saa sita?" Ni dhaifu kuliko ya Irente, maana inaweza kwenda kwa yeyote, ila angalau ina mlango wa kujibia. Kwenye Hinge kazi ni rahisi zaidi, unaweza kuandika maoni yako juu ya picha au jibu fulani wakati unapompa like. Na akina dada wa Bumble, iliyoanza 2014 kwa kanuni ya mwanamke kuandika kwanza, nanyi nimeziona "Hi" zenu.

Ukituma nzuri kwa watu wengi na wote wakanyamaza, acha kuchezea maneno. Hebu angalia picha zako mwenyewe: akishasoma meseji, huko ndiko anakoenda kabla hajajibu.