Kibali cha kisima: namna ya kuandaa ripoti ya floraidi isirudishwe

Fomu za kibali mnazijua, na foleni ya dirishani pia. Nitaongelea karatasi moja tu inayorudisha maombi mengi ya huku kwenye miteremko ya Meru, yaani majibu ya floraidi. Mteja wetu mmoja wa upande wa Maji ya Chai alipanda basi hadi ofisi ya vibali Moshi na ripoti ya maabara nyingine ikisema 2.4 mg kwa lita. Karani akaziruka kurasa zote akafungua ya mwisho, akauliza: "Grafu inaishia 1.2, hii 2.4 mmeipata wapi?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kutoka dirisha lile. Mteja akarudi na sampuli kwetu, akalipia upya.

Njia ni ya SPADNS. Dawa hiyo nyekundu ikiwa na zirkoni hupoteza rangi floraidi inapoongezeka, kwa hiyo mstari wa grafu unashuka. Anayezoea vipimo vya rangi inayopanda ataona kama mashine imeharibika. Haijaharibika.

Tengeneza stendadi tano: 0, 0.3, 0.6, 0.9 na 1.2 mg kwa lita. Kila moja, na sampuli pia, iwe 50 ml, kisha uongeze 10 ml za dawa kwa pipeti ileile. Vyote viwe na joto moja. Sampuli iliyotoka friji moja kwa moja ikisomwa sambamba na stendadi zilizokaa mezani itakupa jibu la uongo. Kama maji yametiwa klorini, iondoe kwanza, maana inababua rangi. Soma kwenye 570 nm. Sisi tulipata 0.802, 0.739, 0.682, 0.618 na 0.559. Kwenye lahajedwali weka viwango safu A na usomaji safu B, kuanzia seli A2 na B2, halafu:

```
B8: =SLOPE(B2:B6,A2:A6)
B9: =INTERCEPT(B2:B6,A2:A6)
```

Tulipata mteremko wa −0.2023, na mstari ukakata mhimili wa wima kwenye 0.8014. Usomaji ndio unaotangulia ndani ya mabano. Ukigeuza, kompyuta haitalalamika, itakupa mstari mwingine kabisa.

Sasa kisima chenyewe. Maji yasiyochanganywa yalisoma 0.320. Kugeuza mstari ni kutoa 0.8014 kwenye usomaji, kisha kugawa kwa mteremko: (0.320 − 0.8014) ÷ −0.2023, unapata 2.38. Hesabu haina kasoro, na ndiyo 2.4 ya ile ripoti. Tatizo ni kwamba zaidi ya 1.4 hivi njia hii haifuati tena mstari. Dawa iliyobaki ya kupauka imepungua, rangi inashuka polepole kuliko mstari unavyodhani, kwa hiyo jibu linatoka dogo kuliko ukweli. R² ya stendadi, yaani namba inayoonyesha zinavyoushika mstari, hata ikiwa 0.999, haikuonyi, kwa sababu yenyewe inazijua stendadi tano tu.

Tiba yake ni kupunguza makali ya sampuli. Chukua 10 ml za sampuli, jaza maji yaliyochujwa ioni hadi 50 ml, ndipo uongeze dawa. Ikasoma 0.640:

```
=(0.640-B9)/B8*5
```

Kabla ya kuzidisha ni 0.798, ndani ya mstari kabisa. Baada ya kuzidisha kwa 5 ni 3.99. Watu husahau hiyo mara 5, kisha kisima kinaonekana salama kuliko maji ya chupa.

Usiamini mchanganyiko mmoja. Tukapunguza mara 10, ikasoma 0.721, jibu likawa 3.97. Mbili hizi zikikubaliana, na ile ya kwanza ya 2.38 ikikataa, umejua nani anadanganya. Zikikataana zote, shuku aluminiamu au pipeti yako, usichague ile inayompendeza mteja.

Andika 4.0, si 3.988, mstari wenyewe unayumba takriban 0.1 baada ya kuzidisha, kwa hiyo tarakimu za ziada ni mapambo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, kwa hiyo ripoti hii inamwambia mteja aeleze kwenye maombi atatibu maji vipi, au atayatumia kumwagilia tu.

Ambatanisha grafu yenye stendadi zote, usomaji wa sampuli ukiwekewa alama juu ya mstari, na kiasi ulichopunguza makali kwa maneno. Stendadi ya 0.6 isome tena mwishoni mwa kazi; ikitoka mbali na 0.6, mstari wa asubuhi haufai tena kwa sampuli za mchana. Karani yule huiangalia grafu kwanza, muhuri baadaye.