Kujaza fomu ya CN 23: fulana ishirini na mikoba sita

Mfanyabiashara mdogo anayeishi ughaibuni na kutuma bidhaa kwa posta hukutana na fomu mbili za tamko la forodha zilizowekwa na Umoja wa Posta Duniani. CN 22 ni ya pakiti ndogo zisizozidi kilo 2 na zenye thamani ndogo, na CN 23 ndiyo ya vifurushi vya kawaida. Tuchukue kifurushi kimoja chenye fulana 20 za pamba na mikoba 6 ya ngozi, vyote vimeshauzwa kwa mteja mmoja, na tukijazie CN 23. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, au kwa lugha inayokubaliwa katika nchi ya mpokeaji.

Juu kabisa kuna majina na anwani za mtumaji na mpokeaji. Hapa kosa la kawaida ni kuacha simu na barua pepe ya mpokeaji, ambaye ndiye atakayetafutwa ushuru ukishakadiriwa. Kama mpokeaji ana namba ya mlipakodi, iandikwe katika nafasi ya rejea ya mwingizaji.

Sehemu ya 1 ni maelezo ya bidhaa, nayo ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Neno “nguo” au “zawadi mbalimbali” halimwambii ofisa wa forodha chochote, na kifurushi chenye maelezo ya namna hiyo huwekwa kando ili kifunguliwe. Andika kitu chenyewe, kimetengenezwa kwa nini na ni cha nani: “fulana za pamba za wanaume” katika mstari mmoja, na “mikoba ya mkononi ya wanawake, nje ngozi” katika mstari mwingine. Usichanganye bidhaa mbili katika mstari mmoja, kwa sababu kila mstari una hesabu yake.

Sehemu ya 2 ni idadi, yaani 20 na 6. Sehemu ya 3 ni uzito wa bidhaa zenyewe bila boksi: fulana moja ikiwa na gramu 160, zote ni kilo 3.2, na mkoba mmoja ukiwa na gramu 600, yote ni kilo 3.6. Sehemu ya 4 ni uzito wa kifurushi chote pamoja na boksi na gundi, tuseme kilo 7.5. Jumla ya sehemu ya 3, ambayo hapa ni kilo 6.8, lazima iwe chini ya uzito wa sehemu ya 4; ikiwa juu, tamko linajipinga lenyewe kabla hata boksi halijafunguliwa.

Sehemu ya 5 ni thamani ya kila mstari na sehemu ya 6 ni jumla yake, nawe taja sarafu unayotumia. Fulana zikiuzwa dola 6 kila moja ni dola 120, mikoba kwa dola 25 ni dola 150, na jumla ni dola 270. Thamani inayotakiwa ni bei ambayo mteja amelipa kweli. Ukiandika dola 60 huku ankara iliyo ndani ya boksi ikisema 270, ofisa ana haki ya kukataa tamko lako na kukadiria upya. Gharama ya posta ina nafasi yake katika sehemu ya 9, kwa hiyo usiijumlishe na bei ya bidhaa: baadhi ya nchi huiongeza wakati wa kukokotoa ushuru na nyingine haziongezi, na kazi hiyo si yako.

Sehemu ya 7 ni namba ya HS, yaani namba ya bidhaa katika orodha ya Shirika la Forodha Duniani, ambayo tarakimu zake sita za mwanzo ni zilezile katika nchi zinazoitumia. Fulana za pamba ni 6109.10. Mkoba wa mkononi wenye ngozi nje ni 4202.21, lakini ukiwa na plastiki au kitambaa nje huwa 4202.22, na ushuru unaweza kubadilika. Ndiyo sababu neno “mikoba” pekee halikutosha hapo juu.

Sehemu ya 8 huuliza bidhaa zilitengenezwa nchi gani, wala si zimenunuliwa au kutumwa kutoka wapi. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya fulana. Kama kinataja nchi ya tatu, hiyo ndiyo unayoandika.

Katika sehemu ya 10 weka alama penye mauzo. Wengi huweka alama penye zawadi wakitumaini msamaha wa ushuru, ilhali fulana 20 zinazofanana na ankara ndani ya boksi haziwezi kuwa zawadi. Sehemu ya 11 ni ya bidhaa zinazohitaji ukaguzi wa afya au karantini, kama mimea na vyakula, nasi hapa tunaiacha. Leseni na cheti, sehemu za 12 na 13, hutegemea aina ya bidhaa, bali namba ya ankara katika sehemu ya 14 haikosekani panapokuwa na mauzo.

Sehemu ya 15 ni tarehe na sahihi. Kwa kutia sahihi unathibitisha kwamba maelezo ni ya kweli na kwamba hakuna kitu cha hatari ndani, kwa hiyo iweke mwisho, baada ya boksi kufungwa na kupimwa.