Barua pepe yako imevuja? Jinsi ya kuangalia, na nywila ipi uanze nayo

Juzi dada mmoja mwalimu alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Alikuwa ameambiwa barua pepe yake imo kwenye orodha za wadukuzi, akakesha akibadilisha nywila moja baada ya nyingine. Alianza na Canva, akaenda LinkedIn, akaenda kwenye duka la mtandaoni analonunulia vitabu. Gmail hakuigusa kabisa, kwa sababu haikutajwa popote. Nimeomba ruhusa yake nieleze tulichofanya, maana kosa lake nimeliona kwa watu wengi na linarekebishika.

Hatua ya kwanza: angalia, kisha usome majibu yote

Fungua kivinjari uandike mwenyewe `haveibeenpwned.com`. Tovuti hii ilianzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mitandao kutoka Australia. Hukusanya orodha zilizovuja na kukuambia kama anwani yako imo. Andika anwani ya barua pepe peke yake, basi. Kama una anwani ya zamani uliyofungulia akaunti ukiwa chuoni, iangalie nayo.

Watu wengi wakiona matokeo mekundu huhesabu tu ni matukio mangapi, wakafunga. Idadi haikusaidii sana. Kwenye kila tukio tafuta mambo mawili: lilitokea lini, na kwenye `Compromised data` wameandika nini. Ukikuta neno `Passwords` hapo, nywila zilitoka. Usipolikuta, zilizotoka ni taarifa nyingine.

Mwalimu wetu alikuwa na matukio matatu. La LinkedIn lilitokea 2012, lakini data ikaja kuuzwa hadharani 2016, ikiwa na anwani milioni 164 pamoja na nywila. La Canva ni la Mei 2019, akaunti milioni 137, nazo zikiwa na nywila. La tatu ni Gravatar, huduma ya picha za wasifu, 2020, ambako yalikusanywa majina na anwani bila nywila. Hilo tuliliweka kando. Linaweza kumletea barua za kitapeli, ila hakuna nywila ya kubadilisha kwa sababu yake.

Sasa hayo mawili ya kwanza hayafanani. Tovuti inayojali haihifadhi nywila yako kama ulivyoiandika. Huisaga kwa hesabu maalumu kama mahindi kinuni, na unga haurudi kuwa punje. Mwizi anachoweza kufanya ni kusaga makisio yake mwenyewe na kulinganisha unga. LinkedIn ya wakati ule ilitumia njia ya kusaga iliyo nyepesi mno, tena bila ile nyongeza iliyo tofauti kwa kila mtu, ambayo wataalamu huita chumvi, kwa hiyo watu wawili wenye nywila moja walitoa unga uleule. Nywila nyingi mno zikajulikana kwa muda mfupi. Canva walitumia njia nzito zaidi, ndiyo maana wizi wa 2019 haukufungua zote, ingawa Januari 2020 ilibainika kwamba takriban milioni nne zilikwishafumbuliwa. Mimi nikiona `Passwords` huhesabu kwamba nywila ile imekufa, njia yoyote waliyotumia.

Hatua ya pili: fuata nywila, usifuate tovuti

Nilimuuliza mwalimu: mwaka 2012 LinkedIn uliiwekea nywila gani? Akajibu kwamba hiyo aliibadilisha zamani, 2016 walipomwandikia. Nikamwambia sawa, lakini hiyo ya zamani unaitumia wapi leo? Akanyamaza kidogo. Ilikuwa ndiyo nywila ya Gmail, na ya duka la vitabu. Facebook alikuwa ameiongezea mwaka wake wa kuzaliwa mwishoni.

Hatari yenyewe iko hapo. Mwenye orodha hana haja na LinkedIn yako. Anachukua jozi ya anwani na nywila, anaipa programu, nayo inaijaribu kwenye Gmail, Facebook, PayPal na kwingineko. Kuongeza tarakimu mwishoni au kugeuza `a` kuwa `@` hakuzuii, kwa kuwa programu hizo hujaribu mabadiliko hayohayo.

Chukua karatasi. Juu andika nywila iliyovuja kwa kifupi unachokijua wewe, mfano "ile ya mtaa", halafu chini yake orodhesha kila akaunti inayotumia nywila hiyo, pamoja na zile ulizoigeuza au kuiongezea kitu kidogo tu. Karatasi ya mwalimu ilikuwa na akaunti tisa. Orodha ya tovuti zilizovuja ilikuwa na mbili tu zenye nywila.

Hatua ya tatu: anza na barua pepe, na uifanye yote

Barua pepe hutangulia hata kama haijatajwa kwenye uvujaji wowote. Ukibofya "nimesahau nywila" popote, kiungo hutumwa huko. Aliyeshika Gmail yako anaweza kuzirudisha mikononi mwake akaunti zote ulizokesha ukizibadilisha.

Kubadilisha nywila ya Gmail pekee hakutoshi. Tulifuata mpangilio huu. Kwanza nywila mpya, isiyofanana na yoyote. Kisha `myaccount.google.com/security`, tukaangalia vifaa vilivyoingia. Palikuwa na simu aliyoiuza miaka mitatu iliyopita, tukaitoa. Kisha namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Namba ilikuwa laini aliyoiacha zamani. Laini isiyotumika hufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine, kwa hiyo tukaifuta na kuweka ya sasa.

Halafu tukafika mahali ambapo karibu kila mtu huparuka. Fungua Gmail kwenye kompyuta, au kwenye kivinjari cha simu ukiwa umechagua mwonekano wa kompyuta, kwa sababu programu ya simu haionyeshi. Ingia `See all settings`, ufungue `Filters and Blocked Addresses`, kisha `Forwarding and POP/IMAP`. Kwa mwalimu tulikuta kichujio kimoja ambacho hakukiweka yeye: barua yoyote yenye neno `password` ipelekwe kwenye anwani asiyoijua, kisha ifutwe. Mtu alishaingia humo siku nyingi. Nywila mpya isingemzuia, maana kila kiungo cha kubadilisha nywila kingeendelea kumfikia yeye, na mwalimu asingekiona. Tukakifuta kichujio, tukaiondoa na ile anwani.

Mwisho tukawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu inayotoa namba za muda. Namba za SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini mtu akihamisha laini yako kwa ulaghai atazipokea yeye. Google watakupa pia namba kumi za akiba. Ziandike uzitunze na vyeti vyako.

Hatua ya nne: kinachobaki

Baada ya barua pepe, nenda kwenye fedha: benki ya mtandaoni, PayPal, duka lolote lililohifadhi kadi yako. Kisha akaunti unazotumia kufungulia nyingine, hasa Facebook kama umezoea kubofya "ingia kwa Facebook". Halafu zilizobaki kwenye karatasi. Tovuti iliyovuja yenyewe, kama ulishaibadilisha baada ya tukio, inaweza kuwa ya mwisho kabisa. Mwalimu alikuwa ameanza na Canva; katika mpangilio wetu ilikuwa ya nane.

Kuna hali moja tu inayopindua mpangilio huu. Ukiona kwenye matokeo `Stealer Logs`, maana yake nywila zilichotwa na programu mbaya ndani ya kifaa, si kutoka kwenye tovuti. Hapo ukibadilisha nywila kwa kompyuta ileile unamkabidhi mwizi na mpya. Tumia kifaa kingine unachokiamini kwanza, na ile kompyuta ifutwe, iwekewe mfumo upya.

Nywila mpya zitunzwe wapi? Bitwarden ni ya bure na inafaa. Kwa mama yangu niliona daftari lililo kabatini linamfaa zaidi, na silionei aibu pendekezo hilo. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini. Zile chache unazozikariri, tumia maneno matano yasiyohusiana. Usitumie methali, hata ukiigawa kwa nukta. Methali zinajulikana, na wanaokisia wanazo.

Maswali ya wanachama

Mama Pacha: Ahsante kaka. Nimepata barua inayosema anwani yangu imevuja, bofya hapa ukague. Nibofye?

Usibofye, mama. Iandike anwani ya tovuti kwa mkono wako. Na tovuti ya kukagua ikikuuliza nywila ya barua pepe yako, ifunge hapohapo. Ukaguzi wa anwani hauhitaji nywila.

Fundi Saa: Lakini hiyohiyo ina ukurasa wa Pwned Passwords unaotaka uandike paswedi. Si ndiyo kuitoa mwenyewe?

Swali zuri, fundi. Paswedi haiondoki kwenye kifaa chako. Kivinjari huisaga humohumo, kisha hutuma herufi tano za mwanzo za unga huo tu. Neno `password`, kwa mfano, unga wake huanza na `5BAA6`, na kinachoulizwa ni hiki:

```
https://api.pwnedpasswords.com/range/5BAA6
```

Ukifungua kiungo hicho utaona mistari mingi mno, kila mmoja ukiwa sehemu iliyobaki ya unga unaoanza na herufi hizo tano. Kivinjari chako ndicho kinachotafuta kama mstari wako umo. Aliyeko upande wa pili hajui ulikuwa unatafuta upi. Hata hivyo, ukisita, usiandike. Nywila unayoitilia shaka ibadilishe tu.

Mvuvi wa Tanga: Kaka, mimi nimetumiwa barua yenye paswedi yangu ya kweli. Anasema amenirekodi kwa kamera na anataka bitikoini ndani ya saa 48. Silali.

Pole sana ndugu yangu. Paswedi hiyo ameitoa kwenye orodha kama hizi tulizozisema, na barua hiyohiyo huwatumia maelfu kwa kubadilisha paswedi tu. Kuijua paswedi hakuthibitishi kwamba ana video. Angalia: je, ameambatisha picha yoyote? Usimlipe, usimjibu. Kama paswedi hiyo bado inafungua kitu, anza hatua ya pili leo.

Mama Pacha: Na PIN ya M-Pesa nayo niibadilishe?

PIN haiendi na barua pepe, kwa hiyo orodha hizi haziigusi moja kwa moja. Ibadilishe kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, kwa sababu tarehe za kuzaliwa huvuja mara nyingi, au kama tarakimu hizohizo umezitumia ndani ya nywila iliyovuja.

Binti Sayari: Nimeangalia, imetoka kijani, hakuna kitu. Nimepona?

Maana yake anwani yako haimo kwenye orodha zilizofika pale na zinazoonyeshwa kwa kila mtu. Data ya LinkedIn ilikaa gizani miaka minne kabla ya kuonekana. Tena matukio yenye aibu, kama ya tovuti za mapenzi, hayaonyeshwi mpaka uthibitishe kuwa anwani ni yako. Jiandikishe kwenye `Notify me` hapohapo; watakutumia barua ya uthibitisho, na siku anwani yako ikitokea kwenye orodha mpya watakujulisha. Na kama nywila ya barua pepe yako inatumika mahali pengine popote, ibadilishe hata kama umeona kijani.