Chupa za mtoto bila umeme: jiko la mkaa, sufuria na ndoo ya jiki

Kliniki kila wiki nakutana na mama anayesema "nesi, mi chupa namwagia maji ya moto ya kwenye themosi". Jamani, hiyo haiui kitu. Maji yakishatoka kwenye themosi yakagusa chupa ya baridi yanapoa hapo hapo, na vijidudu vinataka moto wa kuchemka ukae nao dakika kadhaa. Kuanika juani nako ni kukausha tu. Kama nyumbani hakuna umeme, au upo ila luku haikai, zinazofanya kazi kweli ni mbili: kuchemsha kwenye sufuria na kuloweka kwenye jiki.

Nianze na hesabu kwanza maana hapo ndo watu wanachoka wakaacha. Kuna mama wa Mbagala, chumba kimoja, mtoto miezi miwili, yeye anatoka saa 12 asubuhi kwenda Kariakoo kwenye biashara anarudi jioni, mtoto anabaki na bibi na maziwa ya kopo. Bibi alikuwa na chupa mbili, kila mtoto akinyonya anawasha mkaa achemshe, mkaa ukiisha anasuuza tu anaendelea, mtoto akawa anaharisha mara kwa mara. Nikamwambia yule mama, usihesabu chupa, hesabu moto. Moto wako unawaka lini? Jioni, ukipika. Mpaka jioni ya kesho mtoto anakunywa chupa ngapi? Nne. Basi nunua ziwe nne, zichemshe zote usiku kwa moto ule ule wa ugali, mchana kazi ya bibi ni kuosha tu.

Hatua ya 1, kuosha, na hii inaanza mtoto akimaliza tu kunyonya. Mwaga maziwa yaliyobaki, suuza chupa kwa maji ya baridi. Ya baridi, si ya moto, maana moto unayagandisha maziwa yakashika kwenye plastiki. Alafu fungua kila kitu: chupa, chuchu, ile ringi ya kufungia, kifuniko. Sabuni, maji ya uvuguvugu, na brashi ambayo haioshi kitu kingine. Chuchu igeuze nje ndani uisugue na kidole, uminye maji yapite kwenye tundu. Pitisha kucha kwenye mistari ya ndani ya ringi, ukikuta utando mweupe unaoteleza ujue hapo hapajaoshwa, na maziwa yakibaki yanawakinga vijidudu, iwe kwa moto iwe kwa jiki. Kama mnatumia maji ya kisima ya chumvi kutakuwa na ukungu mweupe mgumu, huo si maziwa ni madini ya maji, loweka kwenye siki kidogo utatoka, alafu suuza vizuri.

Hatua ya 2, kuchemsha. Sufuria kubwa yenye mfuniko, chini tandika kitambaa safi cha pamba ili plastiki isilalie bati la moto. Panga vitu vyako maji yakiwa bado ya baridi, hasa kama una chupa ya kioo, ukiitumbukiza kwenye maji yanayochemka inapasuka. Kila chupa ilaze ijae maji mpaka viputo viishe, chuchu ziminye zizame, kwa sababu kinachoelea juu hakijachemshwa. Funika. Sasa maji yakianza kutokota kwa nguvu ndo uanze kuhesabu dakika 10, siyo tangu ulipoinjika. Kuna wanaosema dakika 5 zinatosha lakini mkaa hauna swichi, moto unapanda unashuka, mi nashikilia 10. Na mkaa ukilala katikati maji yakatulia, ongeza mkaa, pepea, anza kuhesabu upya.

Usiondoke. Mi mwenyewe wakati wa mwanangu wa kwanza nilitoka mara moja kuongea na jirani mlangoni, yani maneno matatu tu, kurudi sufuria imekauka na chupa imeyeyuka imekaa kama chapati, nyumba nzima inanuka.

Zikishatimia dakika epua, acha zipoe humo humo zikiwa zimefunikwa. Nawa mikono kwa sabuni, mwaga maji, kung'uta, kisha zifunge zote kwa mpigo: chuchu ishike pembeni usiguse ncha, ringi, kifuniko juu. Usifute na kanga wala kitaulo, hapo unarudisha ulichotoka kukiua, matone machache yaliyobaki ndani hayana shida. Chupa iliyofungwa hivi inakaa hadi saa 24, ikipita hapo inarudi kwenye sufuria.

Chuchu zinazeeka haraka kwa kuchemshwa. Ikianza kunata, kuvimba au ina ufa hata mdogo, tupa. Geuza chupa yenye maziwa uangalie, yanatakiwa yadondoke tone tone, yakichuruzika tundu limepanuka na mtoto atapaliwa.

Hatua ya 3 ni ya siku ambayo mkaa hakuna au chupa ni mbili tu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, maji safi ya baridi lita 1 kwa kijiko 1 cha chai cha jiki, kijiko cha kusawazisha si cha mlima. Kipimo hiki ni cha jiki iliyoandikwa asilimia 3.5 ya sodiamu haipokloraiti, isiyo na harufu ya limao wala rangi. Ile ya kupimiwa mtaani kwenye chupa za maji usitumie, hujui nguvu yake. Zamisha vilivyokwisha oshwa, toa viputo, gandamiza na sahani ya plastiki visielee, dakika 30. Chuma usiweke, kinaliwa. Maji hayo yanafaa saa 24 tu kisha yanamwagwa, na ndoo ikae mbali na jua na mbali na watoto. Ukitoa, kung'uta, au kama harufu inakukera suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, siyo ya bombani wala ya dumu, maana utakuwa umeanza upya. Halafu dawa ya kutibu maji ya kunywa siyo mbadala hapa, kwa kipimo chake cha maji ya kunywa ni nyepesi mno.

Themosi sasa ndo ina kazi yake: bibi anajaza maji yaliyochemka asubuhi, kwa sababu unga wa maziwa wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na unatakiwa ukorogwe na maji yasiyopungua nyuzi 70, alafu chupa unaipoza kwenye bakuli la maji ya baridi, unadondoshea tone kwenye mkono kabla ya kumpa mtoto.

Na kama mkaa hakuna na jiki hakuna, weka chupa pembeni kabisa. Chukua kikombe kidogo chenye mdomo mpana, hakina ringi wala kona za kuficha maziwa, kinaosheka vizuri kwa sabuni hata na dada wa kazi asiye na uzoefu. Mpakate mtoto akae wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike tu midomoni, yeye mwenyewe atayalamba, usimmiminie.