Gari linapokata kona: chora kani kwanza, hesabu baadaye

Nimesahihisha madaftari mengi ya zoezi hili, na mwanafunzi aliyekosa mara nyingi hakukosea kuzidisha wala kugawanya. Amekosea mchoro. Ameweka mshale ambao haupo, na kuanzia hapo kila mstari wa hesabu unaubeba mshale ule hadi kwenye jibu. Kwa hiyo hapa tutakaa kwenye mchoro muda mrefu kuliko kwenye hesabu.

Swali letu ni hili: gari lenye tungamo la kilo 1200 linakata kona tambarare yenye nusukipenyo cha mita 50, kwa mwendokasi usiobadilika wa kilomita 54 kwa saa. (a) Ni kani kiasi gani inayohitajika ili gari lifuate kona? (b) Kizigeu cha msuguano tuli kati ya tairi na lami kavu ni 0.7, je, gari litapita salama? (c) Mvua imenyesha na kizigeu kimeshuka hadi 0.4, sasa je? Tumia g = 9.8.

Hatua ya 1: Litazame gari kutoka nyuma

Ukisoma neno "kona", mkono unataka kuchora barabara kama inavyoonekana kutoka juu: tao la duara na kigari kidogo juu yake. Mchoro huo unafaa kukuonyesha kitovu kiko upande gani, lakini haufai kwa kani, kwa sababu ukitazama kutoka juu huwezi kuuona uzito wala kani ya barabara inayolibeba gari. Zote mbili zinakuwa nukta.

Simama nyuma ya gari kwa mawazo yako. Chora mstari mlalo, ndio barabara. Juu yake chora mstatili, ndio gari. Tuseme kona inakata kushoto, basi weka nukta mbali upande wa kushoto na uiandike "kitovu". Nukta hiyo iko usawa wa gari, si chini ya barabara wala angani. Ukiiweka sasa, itakuokoa kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Weka mishale, na kila mshale uwe na mwenyewe

Kanuni ninayoifuata ni moja: kabla ya kuchora mshale wowote, taja kitu kinachosukuma au kuvuta. Usipoweza kukitaja, usichore.

Dunia inalivuta gari chini. Huo ni mshale wa kwanza, W, kutoka katikati ya gari kwenda chini. Barabara inalisukuma gari juu kupitia tairi. Huo ni wa pili, N, na kwa kuwa gari halipai wala halididimii, uchore urefu sawa na W. Barabara hiyohiyo inazishika tairi kwa pembeni. Huo ni wa tatu, f, msuguano: mshale mlalo unaoanzia pale tairi zinapogusa lami na kuelekea kushoto, upande wa kitovu.

Basi, ni mishale mitatu. Injini na upinzani wa hewa vipo, lakini vinatenda kwenye mstari wa mbele na nyuma na vinafutana kwa kuwa mwendokasi haubadiliki. Kutoka tuliposimama hatuvioni.

Wengi hushangaa kwa nini f inaelekea ndani. Fikiria barabara imekuwa barafu laini kabisa. Dereva anakata usukani, lakini gari linaendelea mbele moja kwa moja na kuiacha kona. Yaani bila msuguano, tairi zingeteleza kuelekea upande wa nje wa kona. Msuguano hupinga mtelezo huo, kwa hiyo unaelekea ndani. Tena ni msuguano tuli, ingawa gari linakwenda, kwa sababu tairi inayobingirika vizuri haikwaruzi lami: sehemu inayogusa ardhi imetulia kwa muda ule inapoigusa, kisha inainuka na nyingine kuchukua nafasi yake.

Hatua ya 3: Usiongeze mshale wa nne

Hapa ndipo madaftari mengi huharibika. Mwanafunzi anakumbuka kwamba somo linaitwa "kani kitovu", haioni kwenye mchoro, basi anaiongeza: mshale wa nne kuelekea kushoto, pembeni mwa f. Sasa muulize: nani anayesukuma mshale huo? Hakuna.

Kani kitovu si aina ya kani kama uzito au msuguano. Ni cheo. Jina la Kilatini ambalo Isaac Newton alilitumia katika kitabu chake cha 1687 lina maana ya kani inayotafuta kitovu, yaani linataja mwelekeo tu. Kwenye kona tambarare, anayeshika cheo hicho ni msuguano. Jiwe linalozungushwa kwa kamba, ni mkazo wa kamba. Mwezi unaoizunguka Dunia, ni mvutano wa Dunia. Ukichora f na kisha ukachora kani kitovu, umemhesabu mtu mmoja mara mbili.

Kosa la pili ni mshale wa kwenda nje. Ukiwa abiria unahisi unasukumwa kwenye mlango, na hisia hiyo ni ya kweli, lakini iangalie vizuri: mwili wako unataka kuendelea mbele moja kwa moja, na gari linakata kushoto chini yako. Ni mlango unaokujia wewe na kukusukuma ndani. Sisi tumesimama barabarani, nje ya gari, na kutoka hapa hakuna kinachovuta kwenda nje. Kungekuwa na mshale wa nje ulio sawa na f, kani zingefutana, na gari ambalo kani zake zimefutana huenda mstari mnyoofu. Lisingekata kona hata kidogo.

Hatua ya 4: Andika milinganyo, mmoja kwa kila mwelekeo

Wima hakuna mchapuko, kwa hiyo kani zinalingana. Mlalo kuna mchapuko kuelekea kitovu, ambao thamani yake ni mraba wa mwendokasi kugawanya kwa nusukipenyo.

```
wima:   N = W = mg
mlalo:  f = mv²/r
```

Angalia mstari wa pili. Kushoto mwa alama ya usawa kuna kani halisi iliyo kwenye mchoro. Kulia kuna matokeo yake. mv²/r haichorwi popote. Inakuambia tu f inapaswa kuwa kiasi gani.

Hatua ya 5: Weka namba

Badili mwendokasi kwanza: 54 gawanya kwa 3.6 ni mita 15 kwa sekunde. Ukisahau hatua hii utapata karibu niutoni 70,000, karibu mara 6 ya uzito wa gari lenyewe. Jibu kama hilo likikutokea, rudi kwenye vizio kabla ya kutafuta kosa mahali pengine.

```
f = 1200 × 15² / 50 = 5400
```

Kwa hiyo (a) ni niutoni 5400, kuelekea kitovu. Taja mwelekeo kwa maneno; namba peke yake ni nusu ya jibu.

Kwa (b), uliza swali tofauti: lami inaweza kutoa kiasi gani kwa kiwango cha juu? Hicho ndicho μN, ambapo μ ni kizigeu cha msuguano na N ni 1200 × 9.8, yaani niutoni 11,760. Mara 0.7 ni niutoni 8232. Kinachohitajika ni 5400, kinachopatikana hufika 8232, kwa hiyo gari linapita. Msuguano kwenye kona hii ni 5400, si 8232. Wengi huandika f = μN moja kwa moja, kana kwamba msuguano tuli daima uko kileleni. Hauko. Unatoa kile kinachotakiwa tu, mpaka ufike kikomo.

Kwa (c), kikomo kinashuka hadi 0.4 × 11,760, niutoni 4704. Pungufu ya 5400. Gari litateleza. Ukitaka kujua mwendokasi wa juu unaoruhusiwa, linganisha mahitaji na kikomo:

```
mv²/r = μmg
v = √(μgr) = √(0.4 × 9.8 × 50) = 14
```

Mita 14 kwa sekunde, kama kilomita 50 kwa saa. Dereva alizidisha kilomita 4 tu. Tungamo limejifuta pande zote mbili: lori na gari dogo lenye tairi za namna moja vina kikomo kilekile cha kuteleza. Lori refu lililojaa mzigo linaweza kupinduka kabla ya kuteleza, lakini hilo ni suala la kimo cha mzigo, na mlinganyo wetu haulijui.

Swali hupenda kumalizia na "eleza kitakachotokea". Usiandike kwamba gari litarushwa nje. Andika kwamba msuguano uliopo hautoshi kulipinda gari kwenye duara la mita 50, kwa hiyo litafuata njia isiyopinda sana kama kona na kutoka barabarani upande wa nje. Hata kama lami ingeendelea kutoa zile 4704 zote, nusukipenyo cha duara dogo kabisa linalowezekana ni 15² gawanya kwa 0.4 × 9.8, zaidi kidogo ya mita 57. Tairi zikishaanza kukwaruza, msuguano hushuka zaidi, na njia inanyooka zaidi.

Kama barabara imeinamishwa

Tuseme kona hiyohiyo imeinuliwa upande wa nje ili gari lipite kwa mita 15 kwa sekunde bila kutegemea msuguano. Mishale sasa ni miwili tu: W chini, na N iliyoinama kuelekea kitovu, ikiwa imesimama mraba na lami. Sehemu ya mlalo ya N ndiyo inayoshika cheo, na ile ya wima inabeba uzito.

```
N sin θ = mv²/r
N cos θ = mg
tan θ = v²/(rg) = 225/490
```

Pembe inakuja nyuzi 24.7 hivi, na N karibu niutoni 12,940, kubwa kuliko uzito.

Aliyezoea maswali ya boksi kwenye mteremko ataandika N = mg cos θ na kupata 10,690. Kwenye mteremko wa boksi ni sawa, kwa sababu hakuna mchapuko unaokata lami. Hapa mchapuko unaelekea kwenye ile nukta ya kitovu uliyoiweka usawa wa gari. Ni mlalo kamili, hauteremki na lami. Lijaribu jibu lake: sehemu ya wima ya 10,690 ni karibu 9,710, na gari lina uzito wa 11,760. Niutoni zaidi ya 2000 za uzito hazina kinachozibeba, na gari hilo, kwa hesabu yake, linadidimia kwenye lami.